Maumivu ya Tako: Ni Sayatika au Ni Nyonga?

Chukua mfano wa mama mmoja muuza vitenge, mwenye miaka 56. Kwa miezi minane ameumwa tako la kulia, na maumivu hushuka kwenye paja hadi gotini. Duka la dawa walimwambia ni sayatika. Akachomwa sindano za diklofenaki na kununua vidonge vya vitamini vya kusaidia neva. Mwishowe akapigwa MRI ya kiuno, na majibu yakasema diski kati ya pingili ya nne na ya tano imetuna. Hapo kila mtu aliona ugonjwa umepatikana. Maumivu hayakupungua hata kidogo, kwa sababu yalikuwa yanatoka kwenye kiungo cha nyonga, na nyonga hiyo hakuna aliyeishika wala kuizungusha.

Wagonjwa wa namna hii ni wengi. Kinachowapoteza ni picha ya mgongo kutangulia uchunguzi wa mikono. Ukiwapiga MRI watu wa miaka 50 wasioumwa mgongo kabisa, zaidi ya nusu yao utawakuta na diski iliyotuna. Kwa hiyo picha peke yake haithibitishi kwamba diski ndiyo inayomuumiza mtu.

Sayatika ni maumivu ya neva. Mizizi ya neva hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiuno, huungana kuwa neva moja nene, kisha neva hiyo hupita takoni, nyuma ya paja, hadi kwenye unyayo. Diski ikichomoza na kubana mzizi mmojawapo, maumivu hufuata njia hiyo: huchoma, hupiga kama shoti ya umeme, na kwa kawaida huvuka goti kwenda kwenye shavu la mguu au mguuni, pamoja na ganzi. Kukohoa, kupiga chafya na kukaa muda mrefu huyazidisha.

Nyonga nayo ni kiungo kilichojificha ndani kabisa, nyuma ya kinena. Neva zinazoleta hisia za kiungo hicho ni matawi ya neva zilezile zinazohudumia paja na goti, na nyingine huelekea takoni. Ubongo hushindwa kujua habari imetoka tawi lipi, hivyo kiungo kikiumwa mtu anaweza kusikia maumivu kwenye kinena, takoni, pajani au hata gotini. Wengi hudhani nyonga huuma kwenye kinena tu. Tako ni mojawapo ya sehemu ambazo maumivu ya nyonga husikika sana.

Mama yetu alipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, aliulizwa kwanza.

“Mama, hebu nionyeshe kwa mkono panapouma.”

Akashika nyonga kwa kiganja, kidole gumba kikiwa nyuma na vingine vikielekea kwenye kinena. Wenye nyonga mbovu hushika hivyo mara nyingi. Mwenye sayatika kwa kawaida huchora mstari kwa kidole, kutoka takoni mpaka mguuni.

“Ukikohoa, maumivu yanaruka mguuni?”

“Hapana, mwanangu. Mimi taabu yangu ni choo cha kuchuchumaa, na kuvaa kiatu. Na nikinyanyuka kwenye kigoda, hatua za kwanza ndizo zinaniua.”

Majibu hayo tayari yalielekeza kwenye nyonga, kwa kuwa kuchuchumaa na kufikia kiatu huhitaji nyonga ikunjike na kuzunguka. Lakini dalili za mdomo hazitoshi. Vipimo viwili vya kitandani ndivyo vilivyotoa uamuzi.

Cha kwanza ni kuinua mguu ulionyooka. Mgonjwa hulala chali na kulegeza mwili. Mpimaji hushika kisigino na kuinua mguu polepole, goti likiwa limenyooka. Neva iliyobanwa huvutwa, na kati ya nyuzi 30 na 70 maumivu yaleyale huruka kushuka chini ya goti. Mpimaji akishusha mguu kidogo hadi maumivu yatulie, kisha akaukunja unyayo kuelekea usoni kwa mgonjwa, neva huvutwa tena na maumivu hurudi. Na kama kuinua mguu mzima kunaamsha maumivu kwenye mguu mbovu, huo ni ushahidi mzito wa diski. Ila kukaza kwa misuli ya nyuma ya paja, au maumivu ya kiuno tu, hakuhesabiwi. Mguu wa mama ulifika nyuzi 80, naye akasikia mkazo tu nyuma ya paja.

Cha pili ni kuzungusha nyonga. Mgonjwa akiwa bado chali, paja hukunjwa hadi nyuzi 90 na goti vivyo hivyo. Mpimaji hushikilia goti lisihame, kisha husogeza mguu kuelekea nje, na paja huzunguka kwa ndani. Kwa kuwa goti limekunjwa, neva imelegea, na kinachofanya kazi hasa ni kiungo. Nyonga nzima ya mtu wa umri huo huzunguka nyuzi 30 hivi. Chini ya 15, tena kwa maumivu, ni ishara kubwa ya nyonga iliyolika. Kushoto mama alifika 30. Kulia aligota kwenye 5 na kusema, “Hapohapo! Ndiyo yenyewe.” Tamko hilo lina uzito kuliko namba, kwa sababu kipimo kimeamsha maumivu yaleyale yaliyomleta. Eksirei ya nyonga ikaonyesha nafasi ya kiungo imebana na mfupa umeota pembeni.

Vipimo hivi vina mipaka yake. Maumivu ya nyonga huweza kushuka chini ya goti kwa baadhi ya watu. Mzee ambaye mfereji wa uti wa mgongo umembana anaweza kuinuliwa mguu bila tatizo, ilhali akitembea miguu inauma na akikaa inatulia. Wapo pia wenye matatizo yote mawili. Kwao daktari anaweza kuchoma dawa ya ganzi ndani ya nyonga kwa kuongozwa na picha: maumivu yakitoweka kwa saa chache, nyonga ndiyo inayoyasababisha.

Kijana mwenye selimundu anastahili tahadhari ya pekee. Damu huweza kukatika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa ukafa taratibu. Mwanzoni eksirei inaweza kuonekana safi. Nyonga yake ikiuma inapozungushwa, anahitaji MRI ya nyonga, si ya mgongo.

Kuna hali zisizosubiri vipimo vya taratibu. Ganzi kwenye sehemu za siri na makalio, mkojo kugoma au kuvuja, au unyayo kushindwa kunyanyuka, ni za kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Vilevile mzee aliyeanguka akashindwa kukanyaga, na mtu mwenye homa pamoja na nyonga isiyogusika.

Kutofautisha kunabadilisha tiba. Sayatika nyingi hutulia ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji. Nyonga iliyolika huhitaji mazoezi yake, kupunguza uzito, bakora inayoshikwa kwa mkono wa upande mzima, na wakati mwingine kiungo bandia.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa una sayatika na maumivu yako yanaishia takoni na pajani, usilipie picha ya mgongo kabla hujaomba jambo moja: “Daktari, tafadhali nizungushe nyonga kwanza.” Haichukui hata dakika mbili, wala haihitaji mashine.