Karani Anayegonga Muhuri Bila Kuuliza

Aprili 2019 iligundulika kuwa mradi wa Matrix, unaotengeneza mfumo huria wa kutumiana ujumbe, ulikuwa umevamiwa. Mvamizi aliingilia kwenye Jenkins, programu ya kujengea na kupimia msimbo, ambayo ilikuwa haijasasishwa. Seva hiyo peke yake isingemfikisha mbali. Kilichomvusha ni fundi wa mradi aliyeingia humo kwa SSH huku amepitisha wakala wake.

Wakala, yaani `ssh-agent`, hukaa kwenye kompyuta yako akishika ufunguo wako wa siri. Mfikirie karani mwenye muhuri: seva ikitaka uthibitisho, yeye hugonga. Ukiandika `ssh -A lango`, unamnyooshea karani huyo dirisha hadi kwenye seva ya lango, ili ukitoka hapo kwenda seva ya pili usiulizwe nywila. Ni rahisi, ndiyo maana wengi wameizoea. Ukiwa langoni, jaribu hivi:

```
echo $SSH_AUTH_SOCK
ssh-add -l
```

Ukiona njia ya soketi na funguo zako zimeorodheshwa, dirisha liko wazi. Mwenye mamlaka ya `root` kwenye seva hiyo anaweza kulitumia vilevile. Ufunguo hauibiwi, maana hautoki kwako kamwe. Lakini kila karatasi atakayoipeleka itagongwa muhuri, nawe huoni chochote kwenye skrini. Ukitoka, dirisha hufungwa. Ila sekunde chache zinatosha mtu kuingia seva nyingine kwa jina lako na kuandika ufunguo wake ndani ya `authorized_keys`, na huo utabaki baada yako.

Tangu toleo la 7.3 la OpenSSH, mwaka 2016, ipo njia bora:

```
ssh -J lango hifadhi
```

Hapa lango ni bomba tu. Kompyuta yako inajithibitisha langoni, kisha lango linapitisha muunganisho hadi `hifadhi`, na uthibitisho wa pili unafanyika moja kwa moja kati yako na `hifadhi`. Aliyeliteka lango anaona data iliyofumbwa, wala hana karani wa kumtuma. Sharti seva ya lango iruhusu `AllowTcpForwarding`. Ikizuiwa, muunganisho hukatika kabla ya kufika.

Bomba hilo halimsaidii anayetaka seva yenyewe ivute msimbo kwa `git`. Huyo aipe seva ufunguo wake wa kusoma tu, wa hazina hiyo moja. Kuhamisha faili kati ya seva mbili, `scp -3` huipitishia kwenye kompyuta yako. Na ukilazimika kumpitisha wakala, uongeze ufunguo kwa `ssh-add -c`, ili karani akuulize kabla ya kila muhuri. Ombi likitokea wakati hujagusa kitu, kataa na ukate muunganisho hapo hapo.

Leo fungua `~/.ssh/config`. Ukikuta `ForwardAgent yes` chini ya `Host *`, kila seva unayoingia, hata ya mteja usiyemjua vizuri, imekuwa ikipewa dirisha hilo. Ufute mstari huo.