Mita 24 za Wavu

Mwaka wangu wa pili kazini nilifundisha mzingo na eneo katika Darasa la Tano kwa vipindi 10. Azimio la kazi lilijaa, kitabu tulikifuata ukurasa kwa ukurasa, na watoto waliimba "urefu mara upana" hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Kwenye jaribio karibu wote walifaulu. Wiki moja baadaye tukiwa bustanini, nilimwonyesha mwanafunzi mmoja hodari kitalu cha mboga chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, nikamuuliza tununue wavu wa mita ngapi kukizungushia. Alijibu papo hapo: 24.

Jibu ni 20. Aliyezungushia akilini hakuzunguka chochote; alizidisha, maana ndicho kilichokuwa kimelipa siku zote. Jaribio langu nililitunga usiku wa kuamkia siku yake, nikichukua maswali yanayofanana na yale tuliyofanya darasani. Lilipima kumbukumbu ya vipindi vyangu tu, kwa hiyo lisingeweza kunifichulia kosa hili hata kidogo.

Dawa ya ugonjwa huo ni ya zamani. Ralph Tyler, Mmarekani, aliandika mwaka 1949 kwamba mpangaji wa mafunzo aanze na malengo. Mwaka 1998 wenzake wa nchi hiyo, Grant Wiggins na Jay McTighe, walitoa kitabu kilichoupanga utaratibu huo kwa hatua tatu: amua mwanafunzi aondoke na nini, kisha amua ni ushahidi gani utakaokuridhisha kwamba anacho, ndipo uchague vipindi. Walimu wengi tunaruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu. Tunaandika lengo, tunafungua kitabu, na swali la ushahidi tunalikumbuka mada ikishaisha. Kupanga kinyumenyume ni kuiandika kazi ya mwisho kabla hujaandika andalio la somo hata moja.

Mwaka uliofuata nilifunga kitabu nikajiuliza: ni kazi gani ambayo mtoto asiyetofautisha mzingo na eneo hawezi kuipita? Nikaandika hii. Bibi ana wavu wa mita 24 na anataka uzio wa kuku wenye umbo la mstatili, vipimo vyake viwe mita kamili. Jirani amemshauri ajenge wa mita 10 kwa 2, kwa kuwa "mrefu ndio mkubwa". Chora mapendekezo yako mawili, onyesha hesabu, kisha umweleze Bibi kwa sentensi zisizozidi tano ni uzio upi utawapa kuku nafasi kubwa zaidi na kwa nini. Mwisho, kama uzio ungeegemea ukuta wa nyumba wenye mita 15, ushauri wako ungebadilika?

Kazi ya namna hii huchujwa kwa maswali mawili kabla ya kuipokea. La kwanza: je, mtoto anaweza kuipata bila kuelewa? Rasimu yangu ya awali ilikuwa imeshataja vipimo vya uzio mitatu. Mtoto angezidisha mara tatu akachagua namba kubwa. Nikavifuta vipimo. La pili: je, mtoto anayeelewa anaweza kuikosa kwa sababu nyingine? Habari ya Bibi mwanzoni ilikuwa nusu ukurasa, na asiyesoma haraka angekwamia kwenye Kiswahili kabla hajaifikia hesabu. Nikaikata.

Halafu, na hapa ndipo penye faida kubwa, niliifanya kazi hiyo mwenyewe kwa penseli, nikiandika pembeni kila ninachokihitaji. Nilipata 1 kwa 11, 2 kwa 10, 3 kwa 9, 4 kwa 8, 5 kwa 7 na 6 kwa 6. Maeneo yake yanapanda kutoka mita za mraba 11 hadi 36, na uzio wa jirani una 20 tu. Nilipofika 6 kwa 6 mkono ukasita. Watoto wangu wasingeuandika huo: wao wanaamini mraba si mstatili. Kitabu hakikuwa na kipindi cha jambo hilo, wala mimi nisingelikumbuka. Bila kuifanya kazi ile, ningewanyima maksi kwa kitu ambacho sikuwafundisha.

Vigezo vya kusahihisha vilikuwa vinne: kila mchoro utumie wavu wa mita 24, maeneo yawe sahihi, ushauri ufuate hesabu, na maelezo yaonyeshe kwamba wavu ni uleule ila nafasi ya ndani inabadilika. Kuchora kuku wazuri hakukuwa na maksi. Kuna walimu wanaogawa nusu ya maksi kwa usafi na rangi, kisha wanashangaa aliyefaulu haelewi.

Vipindi viwili vya mwisho niliviweka kwa ajili ya kazi na kurudisha majibu, vikabaki vinane. Wimbo wa kanuni ulianguka wenyewe, haukuelekea popote. Kubadili sentimita za mraba kuwa mita za mraba kunatakiwa na muhtasari, ila kazi hii haikukuhitaji, nikakupeleka kwenye mada ya vipimo. Kipindi kilichobeba mzigo kilikuwa cha uzi. Kila jozi ilipewa uzi wa sentimita 16 uliofungwa ncha kwa ncha na karatasi ya miraba. Waliunyoosha kwenye pembe nne, wakahesabu miraba ya ndani: 7, kisha 12, kisha 15, kisha 16. Uzi haukuongezeka hata nukta, na kelele zilizopanda darasani sikuzizima.

Angalia kwamba nilitumia 16, si 24, na ukuta sikuutaja kabisa. Ukiwazoesha watoto kazi yenyewe kwa namba zake, siku ya mwisho utakuwa unapima kumbukumbu tena, umerudi palepale nilipoanzia.

Katika kipindi cha tano niliuliza swali moja la dakika tano kwenye kipande cha karatasi: mstatili wa 6 kwa 6 na wa 3 kwa 9, je, mizingo ni sawa? Maeneo je? Karibu theluthi waliandika kwamba yote ni sawa. Ningesubiri hadi mwisho, ningegundua wakati muda umekwisha. Siku iliyofuata theluthi ile ilirudi kwenye uzi, wengine wakaanza kuandika maelezo.

Njia hii ina gharama zake. Darasa la watoto 90, kwa dakika mbili kila karatasi, ni saa tatu za kusahihisha, na mada tisa kwa mwaka za namna hiyo zingenimaliza. Mimi huchagua mbili au tatu kwa muhula, zile ambazo watoto hufaulu bila kuelewa. Tena mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una maswali mengi ya kuchagua jibu, kwa hiyo mazoezi ya aina hiyo siyaachi. Huyaweka ndani ya vipindi, si mwishoni.

Siku ya kazi, swali la ukuta liligawa darasa. Wengi walichora uzio wa 6 kwa 6 wakauegemeza tu, wavu wa mita 6 ukabaki bila kazi. Wachache walifika 6 kwa 12, mita za mraba 72, mara mbili ya ule wa kwanza. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, asiyenyoosha kidole mara nyingi, alimwandikia Bibi sentensi mbili tu. Ya pili ilisema: "Ukuta ni wavu wa bure, kwa hiyo upande mrefu uupe ukuta."

Nilimpa maksi zote, kisha nikakaa nikijiuliza amejuaje upande mrefu, maana hilo sikumfundisha.