Gari linapotaka kuzunguka, gurudumu moja hulizuia

Mwezi Oktoba 1997, jarida la magari la Sweden liitwalo Teknikens Värld liliifanyia Mercedes-Benz A-Class, iliyokuwa mpya sokoni, jaribio la kukwepa mnyama aliyeingia barabarani ghafla. Katika jaribio hilo dereva hukata usukani kushoto kwa nguvu, kisha huurudisha kulia papo hapo ili arudi upande wake. Gari lilikuwa likienda takriban kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tunauona wa kawaida mjini, na likapinduka. Kiwanda kilisimamisha mauzo kwa muda, kikarekebisha gari, na kikafunga katika kila A-Class mfumo ambao hadi hapo ulikuwa wa magari ya matajiri. Bosch na Mercedes walikuwa wameuingiza sokoni mwaka 1995 kwa jina la ESP. Toyota wanauita VSC, Nissan na Subaru wakautumia kwa jina la VDC, na leo umo katika magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Kazi yake ni moja: kutambua kwamba gari linageuka tofauti na anavyotaka dereva, kisha kulirekebisha kwa kukamata breki ya gurudumu moja tu.

Kulitambua hilo ndiko kugumu kuliko breki yenyewe. Tuchukue kona ya kushoto barabarani, lami imelowa, na gari linaingia kwa kilomita 80 kwa saa. Kona hiyo ni kipande cha duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 100.

Kompyuta inaanza na magurudumu. Nyuma ya kila gurudumu kuna sensa ndogo iliyokaribiana sana na pete yenye meno au yenye sumaku, na kila jino likipita sensa inatoa mpigo mmoja wa umeme. Tairi la gari dogo lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwa mwendo huo linazunguka kama mara 11 kwa sekunde. Pete yenye meno 48 inatoa mipigo zaidi ya 500 kila sekunde. Magurudumu ya nje ya kona yanakimbia kidogo kuliko ya ndani, kwa kuwa njia yao ni ndefu zaidi. Kwenye kona yetu tofauti ni kama kilomita 1.2 kwa saa, na kompyuta inaitambua bila shida.

Sensa ya pili imefungwa kwenye nguzo ya usukani na inasema dereva amekata usukani kiasi gani. Kwa mwendo na pembe hiyo, kompyuta inakadiria gari linapaswa kugeuka kwa kasi gani likitazamwa kutoka juu. Katika kona yetu jibu ni karibu nyuzi 13 kwa sekunde. Hayo ndiyo matakwa ya dereva, yameandikwa kwa namba.

Sasa dereva anaona lori limesimama mbele, anashtuka na kuachia mafuta ghafla katikati ya kona. Uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanapungukiwa na mshiko, na sehemu ya nyuma inaanza kutoka nje ya kona. Hapa inaingia sensa ya tatu, kwa kawaida karibu na katikati ya gari, chini ya sehemu ya gia. Ndani yake mna kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetemeka, na gari likizunguka mtetemo huo unasukumwa pembeni. Inasoma nyuzi 20 kwa sekunde. Dereva ameomba 13, gari linatoa 20.

Lakini huenda ni kona tu imekazwa? Kompyuta ina njia ya kuhakikisha. Pamoja na sensa hiyo kuna nyingine inayopima nguvu inayolivuta gari kando, ile inayokuegemeza mlangoni. Kama gari lingekuwa linafuata njia yake kweli kwa nyuzi 20 kwa sekunde, kipimo cha kando kingekaribia mita 8 kwa sekunde kwa sekunde. Kinasoma 5 tu, kwa sababu lami iliyolowa haitoi zaidi. Mwili wa gari unazunguka kwa kasi ambayo njia yake haiifikii, na maana yake ni moja: linateleza. Ulinganisho huu unarudiwa mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo mara nyingi mfumo unajua kabla dereva hajahisi chochote kiunoni.

Kisha inachaguliwa breki. Mvuvi akichovya kasia upande mmoja wa mtumbwi bila kulivuta, mtumbwi hugeukia upande huo. Katika kona yetu ya kushoto gari linazunguka kushoto kupita kiasi, kwa hiyo linakamatwa gurudumu la mbele kulia. Hilo ndilo lililobeba uzito mwingi, kwa hiyo lina mshiko wa kutumia, na likikamatwa linavuta pua ya gari kurudi kulia. Pampu ya mfumo inasukuma mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo peke yake, dereva asipokanyaga kitu. Sensa ya gurudumu inalinda lisikamatike kabisa, maana tairi lililokwama halishiki lami vizuri. Ndani ya gari unasikia mngurumo mfupi wa pampu, na taa ya kigari chenye michirizi inamweka kwenye dashibodi.

Kosa la kinyume nalo lina dawa yake. Ikiwa gari linakataa kukata kona na kwenda moja kwa moja, linakamatwa gurudumu la nyuma la upande wa ndani, na mara nyingi nguvu ya injini inapunguzwa pia.

Breki hizo zinagawa upya mshiko uliopo. Haziongezi hata chembe. Rudi kwenye kona ile ile kwa kilomita 95 kwa saa: inahitaji karibu mita 7 kwa sekunde kwa sekunde kulibakisha gari njiani, na lami inatoa 5. Mfumo unaweza kulifanya gari litoke barabarani likiwa limeelekea mbele badala ya ubavu, na kupunguza mwendo wakati linatoka. Tairi lililoisha linaishusha hiyo 5 zaidi.

Taa inayomweka wakati wa kuteleza ni mfumo unafanya kazi. Inayowaka mfululizo ni mfumo umejizima, na hapo gari linabaki na breki za kawaida tu, wakati mwingine bila hata ABS. Ninasikitika kila nikiona taa hiyo imezibwa kwa karatasi. Mara nyingi sababu ni ndogo: waya wa sensa umekatika, au beringi mpya imefungwa kinyume. Beringi nyingi za sasa zina sumaku upande mmoja, na upande huo lazima uitazame sensa. Ukigeuzwa, mipigo haisomeki. Fundi makini huusogezea kipande chepesi cha chuma kabla ya kufunga, aone upande unaovuta.

Hitilafu ngumu zaidi haiwashi taa kila mara. Baada ya alaimenti, usukani unaweza kuwa umenyooka huku sensa yake ikiamini umekatwa kidogo. Kompyuta inasoma matakwa ambayo dereva hana, na siku moja, kwenye kona ya kawaida, breki ya gurudumu moja inakamata bila sababu. Kwa magari mengi dawa ni kuunganisha mashine ya uchunguzi na kuiweka upya sifuri ya usukani, magurudumu yakiwa yamenyooka kwenye sakafu tambarare. Fundi asiye na mashine hiyo asikabidhiwe kazi ya alaimenti ya gari lenye VSC.