Foleni Ikirefuka, Tuite Vibarua Wangapi?

Tuchukue SACCOS ya kubuni. Siku ya mishahara mwajiri anawaletea faili moja yenye makato ya wanachama 18,000, na kila mwanachama anatakiwa apate SMS ya risiti yenye salio lake jipya. Mfumo hauwezi kuzituma zote kwa mpigo. Unachofanya ni kuandika kazi 18,000 kwenye foleni, tuseme ya RabbitMQ, kisha programu ndogondogo zinachukua kazi moja moja: zinasoma salio kwenye kanzidata, zinaandika risiti na kuikabidhi kwa kampuni inayosafirisha SMS. Programu hizo hapa tuziite vibarua. Siku za kawaida wawili wanatosha. Siku ya mishahara hawatoshi kabisa, na hakuna mtu mwenye akili atakayelipia seva za vibarua mia mwezi mzima kwa ajili ya nusu saa moja.

Kwa hiyo idadi yao hupandishwa na kushushwa na mashine yenyewe. Wengi huanza kwa kuangalia jinsi seva inavyotumia nguvu za prosesa, na hapo hukwama, kwa sababu kibarua wa aina hii muda mwingi anasubiri jibu kutoka nje. Prosesa imepoa, foleni imefurika, na mashine inaamini mambo ni shwari. Kipimo kinachofaa ni urefu wa foleni yenyewe. Kwenye Kubernetes kazi hiyo hufanywa na KEDA, zana iliyoanzishwa mwaka 2019 na Microsoft pamoja na Red Hat, ambayo huhesabu kazi zilizo kwenye foleni na kuomba vibarua kulingana na hesabu hiyo.

Lakini foleni ya watu 3,000 ni ndefu au fupi? Inategemea umeahidi nini. Ikiwa risiti moja inachukua sekunde 2, kibarua mmoja anamaliza 30 kwa dakika. Ikiwa SACCOS imeahidi kwamba risiti itafika ndani ya dakika 5, kibarua huyo anaweza kuwa na kazi 150 mbele yake bila kuvunja ahadi. Hiyo 150 ndiyo namba ya kumpa KEDA. Kazi 3,000 zinahitaji vibarua 20. Kazi 18,000 zinahitaji 120.

Hapo ndipo ajali hutokea. Usipogusa mipangilio yake, PostgreSQL hupokea miunganisho 100 tu kwa wakati mmoja, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa msimamizi mkuu. Tovuti ya wanachama inatumia 40. Ukiruhusu vibarua 120, kila mmoja na muunganisho wake, 57 wa kwanza watapita na waliobaki watakutana na maneno haya:

```
FATAL: remaining connection slots are reserved for roles with the SUPERUSER attribute
```

Kibarua aliyekataliwa anairudisha kazi kwenye foleni na kuichukua tena papo hapo. Tovuti nayo, ikihitaji muunganisho mpya, inakataliwa vilevile, kwa hiyo mwanachama aliyekuwa anaangalia salio lake kwa amani anaona kurasa ya hitilafu. Foleni haipungui, na mashine ya kupandisha, ambayo haijui lolote kuhusu kanzidata, inazidi kung'ang'ania idadi ile ile ya vibarua. Dalili yake haifichiki ukiweka grafu mbili pamoja: vibarua wanaongezeka huku risiti zinazokamilika kwa dakika zinapungua. Ukiona hivyo, usiongeze mtu. Punguza.

Dawa ni kukokotoa kikomo cha juu kabla ya siku yenyewe, kuanzia kwenye vitu ambavyo vibarua wanavigombania. Upande wa kanzidata: 97 toa 40 za tovuti, toa 10 za ripoti na za dharura, zinabaki 47. Ukiishia hapo utaweka 47 na kulala. Ila kuna kikomo cha pili. Mkataba na kampuni ya SMS, kwa mfano wetu, unaruhusu ujumbe 20 kwa sekunde, na mlango huo huo ndio unaopitisha namba za siri za kuingilia kwenye akaunti. Risiti ikichelewa hakuna anayeumia sana. Namba ya siri ikichelewa dakika kumi, mwanachama hawezi kutoa pesa zake. Tutenge ujumbe 4 kwa sekunde kwa namba za siri, risiti zipate 16. Kwa kuwa kila risiti inamshika kibarua sekunde 2, wanaohitajika kutuma 16 kwa sekunde ni 32. Kikomo cha mfumo mzima ni kile kidogo kati ya viwili hivyo, yaani 32, na sehemu ya faili ya KEDA inayohusika inakuwa hivi:

```yaml
minReplicaCount: 2
maxReplicaCount: 32
triggers:
  - type: rabbitmq
    metadata:
      queueName: risiti
      mode: QueueLength
      value: "150"
```

Ukiacha kuandika mstari wa `maxReplicaCount`, KEDA itachukua 100 yenyewe.

Hata hivyo, 32 hulinda kanzidata vizuri kuliko inavyolinda mlango wa SMS. Siku ambayo kampuni ya SMS inajibu haraka na kila risiti inachukua sekunde 1, vibarua wale wale 32 watatuma 32 kwa sekunde, na majibu ya `429` yataanza kurudi: umezidisha. Idadi ya watu si kasi yao. Kwa hiyo weka pia kaunta moja ya pamoja, kwa kawaida ndani ya Redis, inayotoa vibali 16 kila sekunde. Asiye na kibali anasubiri. Na `429` ikitokea bado, kazi irudi baada ya kungoja kidogo na si papo hapo, la sivyo utajitengenezea upya msongamano ule ule.

Kushusha nako kuna hila yake. Kubernetes ikipunguza vibarua haiangalii nani ana kazi mkononi. Inamtumia aliyechaguliwa ishara ya `SIGTERM`, inampa sekunde 30, kisha inamkata. Kibarua aliyeandikwa vizuri akiipata ishara hiyo huacha kuchukua kazi mpya, humaliza aliyonayo, na kuitaarifu RabbitMQ kwamba imekamilika. Akikatwa kabla ya kutoa taarifa, RabbitMQ humpa kazi ile kibarua mwingine, na mwanachama anaweza kupata risiti mbili za makato yale yale. Simu za malalamiko zitakazofuata si za kuchekesha. Kila risiti iwe na namba yake ya pekee, na kibarua aiangalie kama imeshatumwa kabla hajatuma. Hata hivyo, aliyekatwa mara tu baada ya kutuma na kabla ya kuandika kwamba ametuma bado ataacha mwanya mdogo. Mwanya huo huzibwa tu ikiwa kampuni ya SMS nayo inaitambua namba hiyo na kuikataa ikija mara ya pili.

Kubernetes kwa kawaida hungoja dakika 5 kabla ya kushusha, ili foleni inayopanda na kushuka isiwafanye vibarua waitwe na kufukuzwa kila dakika. Uvumilivu huo uache ulivyo. Gharama ya kibarua asiye na kazi kwa dakika 5 ni ndogo.

Sasa turudi kwenye ile ahadi. Vibarua 32 wanamaliza risiti 960 kwa dakika, kwa hiyo 18,000 zitachukua karibu dakika 19. Dakika 5 haziwezekani siku hiyo, hata meneja akisisitiza vipi. Ili ziwezekane, mlango wa SMS lazima upitishe risiti 60 kwa sekunde, na kanzidata ibebe vibarua 120, pengine kwa kuwekewa PgBouncer ili vibarua wengi wagawane miunganisho michache. Bei ya hayo iombwe kwa maandishi, kisha bodi iamue kati ya kulipa na kuwaandikia wanachama kwamba siku ya mishahara risiti hufika ndani ya dakika 20.