Chai ya Mkutano: Vipimo, Mpangilio wa Kupika na Namna ya Kuihifadhi katika Chupa

Katika mikutano ya mitaa, vijiji na kamati za kata ndani ya Wilaya ya Kahama, chai huandaliwa mara nyingi na wakazi wenyewe au na mama lishe aliyeombwa kufanya kazi hiyo kwa fedha za michango. Kwa kuwa fedha hizo ni za wananchi, ni haki yao kupata chai yenye ladha na iliyo salama. Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa chai kwa watu wengi, hususan chai ya maziwa yenye viungo, ambayo ndiyo hupendwa zaidi na ndiyo huharibika upesi kuliko nyingine.

Tuchukue mfano wa mkutano wa watu 120 unaoanza saa 3:00 asubuhi, na chai imepangwa kutolewa saa 4:30. Kikombe cha kawaida kikijazwa bila kumwagika hubeba takribani robo tatu ya nusu lita ya maji kwa vikombe viwili, yaani mililita 200 hivi kwa kikombe kimoja. Si kila mtu atarudia, lakini wengi watarudia. Kwa hiyo hesabu inayofaa ni kikombe kimoja na nusu kwa kila mtu, sawa na vikombe 180 au lita 36. Katika lita hizo, 24 ziwe chai ya maziwa na 12 ziwe chai ya rangi, kwa ajili ya wasiotumia maziwa.

Vipimo

Njia rahisi ya kupima majani ya chai bila mizani ni kutumia uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Chai ya maziwa huhitaji gramu 10 za majani kwa kila lita moja, kwa sababu maziwa hupunguza ukali wake. Hivyo lita 24 huhitaji pakiti moja ya gramu 250. Chai ya rangi hutosheka na gramu 8 kwa lita, na lita 12 zitatosha kwa pakiti moja ya gramu 100. Mpishi anayeongeza majani ili chai “ikolee” hupata uchungu zaidi kuliko ladha, na fedha huwa zimepotea.

Maziwa yawe theluthi moja ya chai, yaani lita 8 kwa maji lita 16. Hata hivyo, mpishi aanze na maji lita 18, kwa kuwa sehemu ya maji hupotea kwa mvuke na sehemu nyingine hunywewa na majani, ambayo hutupwa yakiwa yamelowa. Kwa chai ya rangi aanze na lita 13. Sufuria ya chai ya maziwa iwe na nafasi ya lita 35 au zaidi, maana maziwa yanapochemka huumuka na kumwagika motoni.

Kwa viungo vya lita 24, robo kilo ya tangawizi mbichi iliyopondwa, punje 50 za iliki zilizopasuliwa na vijiti sita vya mdalasini vinatosha. Karafuu zisizidi punje 20, kwa sababu ladha yake huendelea kutoka kadiri inavyokaa majini na hatimaye hufunika viungo vingine vyote.

Sukari isitiwe ndani ya sufuria. Iwekwe mezani katika bakuli lenye kifuniko, ili mwenye kisukari na asiyependa utamu wapate chai ileile kama wengine. Vijiko viwili vidogo vya kusawazisha kwa kila kikombe hufanya kilo moja na nusu hivi kwa vikombe 180. Kilo 2 zinatosha bila wasiwasi.

Mpangilio wa kupika

Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni kwamba maziwa “yamekatika”, yaani yameganda vipande vipande ndani ya sufuria. Sababu zake ni mbili, na kila moja ina dawa yake.

Sababu ya kwanza ni maziwa yaliyokwisha kuanza kuchacha. Maziwa yanayokamuliwa alfajiri na kusafirishwa kwa madumu juani yanaweza kuonekana mazuri kwa macho na hata kwa pua, lakini yakipata moto huganda. Kabla ya kumimina chochote kwenye sufuria kubwa, chota vijiko vichache kutoka katika kila dumu na uvichemshe peke yake kwenye sufuria ndogo. Yakiganda, dumu hilo liwekwe kando. Dumu moja bovu likichanganywa na mengine huharibu lita 24 zote.

Sababu ya pili ni tangawizi mbichi. Ndani yake mna kimeng’enya, yaani kitu cha asili kinachovunja protini, na kikikutana na maziwa ya vuguvugu huyagandisha hata kama ni mazima kabisa. Kimeng’enya hicho hufa kwa kuchemshwa. Ndiyo maana tangawizi haipaswi kutiwa pamoja na maziwa. Itangulie kwenye maji, ichemke kwa dakika 15 pamoja na viungo vingine huku sufuria ikiwa imefunikwa, ndipo maziwa yafuate.

Baada ya maziwa kutiwa, chai irudi kuchemka vizuri na iendelee kwa dakika chache huku ikikorogwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya magonjwa kama brusela, na kuyapasha tu hakuviui. Majani ya chai ndiyo hutiwa mwisho, yachemke polepole kwa dakika tano, kisha chai ichujwe mara moja. Majani yanayoachwa ndani ya sufuria yakisubiri wageni huendelea kutoa uchungu, na uchungu huo hauondolewi kwa maziwa wala kwa sukari.

Maji nayo yana sehemu yake. Maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria kupitia mradi wa KASHWASA hutoa chai yenye rangi safi. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi hufanya chai ififie na kuweka utando juu yake. Pale inapowezekana, ya kisima yatumike kuoshea vyombo na ya bomba yatumike kupikia.

Kusubiri mkutano bila kuharibu chai

Kwa moto wa kuni au mkaa, lita 18 za maji huchukua takribani dakika 40 kuchemka, viungo dakika 15, maziwa kurudi kuchemka dakika 20, majani dakika tano na kuchuja dakika kumi. Jumla yake ni saa moja na nusu. Kwa chai ya saa 4:30, moto uwashwe saa 2:45 ili ibaki robo saa ya akiba.

Wote tunafahamu kwamba ajenda moja yenye mjadala inaweza kusogeza chai mbele kwa saa nzima. Maji ya viungo yanaweza kusubiri juu ya moto mdogo yakiwa yamefunikwa bila madhara makubwa. Kisichosubiri ni maziwa. Kwa hiyo mpishi aishie kwenye maji ya viungo, na Mwenyekiti au Mtendaji amtume mtu kumjulisha dakika 45 kabla ya mapumziko. Hapo ndipo maziwa yatiwe.

Chupa za chai

Kwa mfano wetu zinahitajika chupa 12 za lita tatu, nane za chai ya maziwa na nne za chai ya rangi. Kwa kuwa nyingi huazimwa majumbani, zipimwe siku moja kabla. Tikisa chupa kwanza, na ukisikia mlio wa vigae ndani, usiitumie kabisa, kwa sababu kioo kimevunjika. Kisha mimina maji yanayochemka, funga, na baada ya dakika kumi papasa ubavu wake. Chupa nzima hubaki baridi kwa nje. Ikiwa ubavu una joto, uwazi usio na hewa kati ya kuta zake umeharibika, na chai itapoa humo mapema.

Asubuhi ya mkutano, kila chupa ijazwe maji ya moto kwa dakika tano hadi kumi, yamwagwe, ndipo chai imiminwe papo hapo. Chai inayoingia kwenye chupa baridi hupoteza joto kwa kuupasha moto ukuta wa chupa. Tena Kahama iko katika mwinuko wa takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100. Tunaanza na joto pungufu, na hatuna la kupoteza. Chupa ijazwe hadi karibu na kifuniko, na mezani ifunguliwe moja baada ya nyingine. Chupa tatu zilizobaki nusu hupoa haraka kuliko moja iliyojaa.

Bandika kwenye kila chupa karatasi yenye aina ya chai na saa iliyojazwa. Chai ya maziwa inapaswa kubaki juu ya nyuzi joto 60. Chini ya hapo, vijidudu ambavyo mbegu zake huhimili kuchemshwa huanza kuamka na kuongezeka, na huleta kutapika na kuharisha. Kipimajoto ndicho kipimo cha uhakika. Asiye nacho amimine kikombe kimoja: chai isiyotoa mvuke na inayoweza kugugumiwa papo hapo imekwisha kushuka. Ikiwa imekaa katika hali hiyo kwa zaidi ya saa mbili, imwagwe. Kuichemsha upya hakuondoi sumu ambazo baadhi ya vijidudu huwa vimekwisha kuziacha. Chai ya rangi haina hatari kiasi hicho, ila ladha yake hupungua na rangi yake huwa nyeusi baada ya saa mbili au tatu.

Chupa zisirudishwe kwa wenyewe zikiwa na mabaki ya maziwa. Zioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi ndefu, pamoja na kifuniko na mpira wake, ambako harufu hujificha. Zisizamishwe ndani ya beseni, kwani maji yakiingia kati ya ganda na kioo hayatoki kwa urahisi. Zikaushwe zikiwa wazi.

Mwisho, mhusika ahesabu lita zilizobaki na kuziandika katika daftari la mtaa au kijiji pamoja na idadi ya waliohudhuria. Kwa mkutano wa watu 60, vipimo vyote hapo juu vigawanywe kwa mbili. Baada ya mikutano mitatu au minne, daftari hilo litaonyesha kama wakazi wa eneo husika hunywa zaidi au pungufu ya kikombe kimoja na nusu, na bajeti ya chai itapangwa kwa hesabu hiyo.