Faida ya mtungi wa kilo sita

Ukipita Manzese, Tandale au Mbagala saa kumi na mbili jioni, utaona biashara mbili za moto zikitazamana. Upande huu yupo muuza mkaa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, anapima kopo moja moja kwa wateja wanaotaka kupika chakula cha usiku. Upande wa pili ipo fremu ya gesi yenye mitungi ya rangi tofauti mbele yake, na kijana wa bodaboda anafunga mmoja nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira. Tangu Mei 2024, Serikali ilipozindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, wengi wenye mtaji mdogo wameanza kuitamani ile fremu ya pili. Kabla ya kuhama ni vizuri kukaa na kalamu, kwa sababu gesi ina tabia ya kuonekana biashara kubwa huku faida yake ikiwa nyembamba kuliko ya mkaa. Na wembamba huo, kwa maoni yangu, ndio unaozaa hatari nyingi tunazozilaumu kwenye mitungi yenyewe.

Bei hubadilika kila mtaa na kila msimu, kwa hiyo nitatumia za mfano, na msomaji aweke za kwake. Tuseme gunia la mkaa linakufikia kwa shilingi 80,000. Ukilimimina unatarajia makopo 70, kila kopo 1,500, jumla 105,000. Hapo moyo unafurahi, lakini gunia halina mkaa mtupu. Mkaa uliopandishwa na kushushwa mara nne tangu porini huvunjika, na chini ya gunia hubaki chenga na vumbi ambavyo hakuna mama anayevitaka kwenye jiko lake. Zikipotea sehemu moja kati ya kumi, unabaki na makopo 63, yaani 94,500. Faida imeshuka kutoka 25,000 hadi 14,500, na hapo bado hujalipa fremu wala mbeba mizigo. Ndiyo maana muuza mkaa mzoefu halitazami gunia kwa kilemba chake cha juu tu. Analipiga teke, analiinua upande mmoja, anasikiliza. Likitoa sauti ya changarawe, chenga ni nyingi. Likiwa zito kupita kiasi, limemwagiwa maji au limenyeshewa, na hata lisipopungua kopo, mteja atarudi kulalamika kwamba mkaa haushiki.

Uzuri wa mkaa ni mwingine. Magunia matatu ya akiba ni mtaji wa 240,000 tu, na wateja hulipa taslimu kila jioni kwa sababu wananunua cha kupikia leo. Ukiuza gunia moja kwa siku, ile 14,500 inaingia mfukoni jioni hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye mtungi. Tuseme wakala anakupa gesi ya mtungi wa kilo 6 kwa 23,000, nawe unauza 25,000. Faida ni 2,000. Haina chenga wala kunyeshewa, lakini ili ukaribie faida ya lile gunia moja lazima uuze mitungi saba kwa siku. Na hapo ndipo mtaji unapojificha. Mteja huleta mtungi mtupu akachukua uliojaa, na anayekuja na mtungi wa Oryx anataka wa Oryx, wa Taifa Gas anataka wa Taifa, wa Lake Gas vivyo hivyo. Kwa hiyo unahitaji akiba ya kila kampuni, na kila ganda la chuma ni pesa iliyolala. Ikiwa mtungi pamoja na gesi yake umeupata kwa 45,000, mitungi 20 ni shilingi 900,000, karibu mara nne ya mtaji wa magunia matatu, kwa faida ya siku isiyopishana sana. Isitoshe, mtungi wa gesi hukopwa. Kuna mteja atakayekuambia mwisho wa mwezi, na ni jirani yako, na mtoto wake analia.

Ukiniuliza kwa nini basi watu wanaingia, jibu ni nafasi. Mtungi wa kilo 6 una upana wa takriban sentimita 30. Mitungi 20 iliyosimama, minne kwa mitano, inakaa kwenye eneo lisilofika mita mbili za mraba. Magunia ya mkaa hula sakafu, huhitaji uwanja wa kumimina na kupimia, na vumbi lake humfukuza jirani muuza vitambaa. Kwenye mtaa ambao kodi ya fremu inalipwa miezi sita mbele, hilo si jambo dogo. Kuni ndiyo zinaumia zaidi. Zinataka uwanja mkubwa kuliko mkaa kwa faida ndogo, na mjini wateja wake wamebaki mama lishe na wakaanga samaki, kwa hiyo sitazirudia.

Lakini mita mbili hizo ziko wapi? Hapa ndipo wauzaji wengi hukosea, tena kwa sababu inayoeleweka. Mtungi ni mali, na mali usiku huingizwa ndani. Fremu ya kawaida haina dirisha, ina mlango wa chuma na kufuli mbili. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hazipandi zikatokea kwenye nafasi ya juu ya ukuta kama moshi, hutambaa sakafuni na kulala pale. Kilo moja ya gesi hiyo ikigeuka hewa hujaza takriban nusu ya mita moja ya ujazo. Na inatosha iwe asilimia 2 hivi ya hewa ya chumba ili cheche iweze kuiwasha.

Fremu ya mita tatu kwa tatu, yenye kimo cha mita 2.7, ina hewa ya mita za ujazo kama 24. Asilimia 2 ya hapo ni karibu nusu mita, yaani kilo moja ya gesi, moja ya sita ya mtungi wa kilo 6. Na hiyo ni kama gesi imesambaa sawasawa chumba kizima. Kwa kuwa hulala chini, kiasi kidogo zaidi ya hicho kinatosha kuifanya sakafu iwe ya hatari. Vali moja inayovuja polepole kuanzia saa tatu usiku inaweza kukufikisha hapo kabla ya alfajiri, ukaja kufungua na kuwasha taa. Swichi hutoa cheche ndogo ambayo hatuioni.

Ndiyo maana mahali pa mitungi ni nje, ndani ya kizimba cha nondo au wavu wenye kufuli, chini ya kivuli, kando ya ukuta usio na dirisha la mtu. Hewa ipite chini, si juu peke yake. Kisiwe juu ya mtaro, kwa maana gesi nzito ikiingia mtaroni husafiri hadi ambapo hukuitarajia. Kisiwe jirani na kikaango cha chipsi. Ukubwa wa kizimba chako ndio uwe kipimo cha akiba yako. Kikijaa, agiza kidogo kidogo mara nyingi, hata kama nauli ya guta itakukata.

Pua pia isiaminiwe kupita kiasi. Gesi yenyewe haina harufu, ile ya kitu kilichooza huongezwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Muuzaji anayeshinda kwenye harufu hafifu mchana kutwa huizoea na hatimaye haisikii. Kipimo cha uhakika ni povu la sabuni. Mtungi ukishushwa, toa kifuniko, paka povu kwenye vali na kwenye shingo yake, tazama. Kiputo kinachokua maana yake gesi inatoka, mtungi huo ukae nje peke yake na urudi kwa wakala siku hiyo hiyo. Mara nyingi kosa ni kipete kidogo cha mpira kilichochakaa ndani ya vali.

Nilisema wembamba wa faida ndio mama wa hatari. Rudi kwenye hesabu. Ukinunua gesi ya mtungi wa kilo 15 kwa 54,000, kilo moja imekugharimu 3,600. Ukiuza kwenye mtungi wa kilo 6 kwa 25,000, kilo moja inauzwa karibu 4,170. Mtu mwenye tamaa anaona kwamba mtungi mmoja mkubwa, ukihamishiwa kwenye midogo, unampa 8,500 badala ya 3,000 aliyozoea. Hivyo ndivyo kuhamisha gesi kienyeji kunavyozaliwa, nyuma ya vibanda, usiku. Mtungi mkubwa hupinduliwa, mpira huunganishwa, gesi ya maji hukimbilia mtungi wa chini. Ikimwagika, lita moja ya maji hayo hugeuka zaidi ya lita 200 za gesi. Na hata isipomwagika, mtungi wa kiwandani haujazwi hadi juu, huachiwa nafasi kama sehemu moja ya tano ili gesi ipate pa kupanukia jua likipiga. Mhamishaji asiye na mizani huiziba nafasi hiyo bila kujua. Ukubwa ukiongezeka, msiba nao huongezeka. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka kwenye kituo kisicho na kibali katika eneo la Mradi, Embakasi, Nairobi, katikati ya nyumba za watu. Watu kadhaa walikufa na mamia walijeruhiwa.

Kuna mwingine ambaye hahamishi mtungi mzima, anapunguza tu. Nusu kilo kutoka kwenye mtungi wa kilo 6 ni thamani ya 2,000 na ushee, faida imezidi mara mbili. Dawa yake ni mizani. Ubavuni mwa kila mtungi umegongwa uzito wa ganda. Likiwa kilo 7.2, mtungi uliojaa lazima usome 13.2. Ukisoma 12.4, umekatwa gramu 800, zaidi ya shilingi 3,000, kuliko faida yote ya muuzaji mwaminifu. Ukisoma 14, usishangilie, umejazwa kupita kiasi na hautakiwi kuingia nyumbani kwako. Tazama pia sili ya plastiki juu ya vali, ikiwa imekatwa au imegundishwa, mwachie mtungi wake.

Anayebaki na mkaa naye asijione salama. Mkaa uliotoka tanuruni juzi unaweza kubeba kaa lenye uhai katikati ya gunia. Mapya yalale nje usiku mmoja, nawe utie mkono, penye joto pafunguliwe na kumwagwa. Na kuweka magunia na mitungi kwenye fremu moja, kama wanavyofanya wengi ili wasikose mteja yeyote, ni kuupa moto chakula chake mlangoni. Chagua kimoja.

Kwa mtaji wa chini ya shilingi milioni moja na fremu isiyo na nafasi ya kizimba nje, ningeshauri mkaa. Ukiwa na kizimba, mizani na wateja saba wa uhakika kwa siku, ingia kwenye gesi. Nawe mteja, mwambie muuzaji aupime mtungi mbele yako kabla hujamlipa. Ukisikia harufu, usiguse swichi, toka, na ukiwa mbali piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.