Kuiendesha Kompyuta ya Mbali kwa Bando Dogo

Tuseme fundi wa kompyuta yuko likizo kwao Njombe, na ofisi anayoihudumia iko Dar es Salaam. Asubuhi anapigiwa simu: programu ya mauzo imegoma kutoa risiti. Anaunganisha kompyuta mpakato na intaneti ya simu yake, kisha anafungua kioo cha kompyuta ya ofisini. Picha inakuja kipande kwa kipande, juu kwanza, chini baadaye. Akibofya menyu, anasubiri. Kabla hajamaliza kazi, ujumbe unaingia kwamba bando linakaribia kwisha.

Bando hilo limeliwa na nukta. Kioo cha kawaida cha siku hizi kina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2, na kila nukta ikibebwa kwa rangi kamili huchukua baiti 4. Picha moja nzima, kabla ya kubanwa, hupita megabaiti 8. Bahati nzuri, programu hizi hazitumi picha nzima kila mara. Hutuma sehemu zilizobadilika tu, tena zikiwa zimebanwa. Kwa hiyo gharama inategemea mambo matatu: nukta ni ngapi, zina rangi kiasi gani, na nini kinachezacheza kwenye kioo.

Fundi wetu aanzie hapo. Kwenye Windows atatoa amri hii, akiweka jina la kompyuta yake:

```
mstsc /v:ofisi-pc /w:1024 /h:768
```

Nukta zimeshuka hadi kama laki 8. Akichagua na rangi za biti 16 badala ya 32, picha ile ya megabaiti 8 inabaki kama megabaiti 1.6 kabla ya kubanwa. Kabla ya kuunganisha, aende kwenye sehemu iitwayo Experience na kuchagua Modem (56 kbps). Chaguo hilo huzima picha ya mandhari, madoido ya menyu na dirisha kuonyesha vilivyomo linapoburutwa. Sauti nayo aizime, na asichapishe kwa printa ya alipo, maana kila ukurasa utasafiri kwa bando lake.

Kwenye ubana-picha ndiko watu wengi hukosea. Programu za VNC zinaweza kubana kwa mtindo wa JPEG, uleule wa picha za kamera. Mtindo huo unafaa kwa sura ya mtu, lakini kwenye safu ya tarakimu ndogo huacha ukungu pembeni mwa herufi, na 3 ikafanana na 8. Kwa kazi ya hesabu ni afadhali kupunguza rangi kuliko ubora. Eneo jeupe lisilo na kitu hubanika vizuri sana bila kupoteza hata nukta moja. Ndiyo maana mandhari ya rangi moja hugharimu kidogo kuliko picha ya ufukwe.

Hata hivyo, kuna ugonjwa ambao dawa hizi haziutibu. Ikiwa kioo kinajichora vipande vipande, tatizo ni wembamba wa njia, na kupunguza nukta kutasaidia. Lakini ikiwa picha iko kamili, ila herufi unayoandika inaonekana baada ya sekunde nzima, tatizo ni muda wa safari ya kwenda na kurudi. Hapo hata kioo kidogo kitachelewa vilevile.

Risiti zimetoka. Sasa fundi anataka kujua kama nakala ya akiba ya usiku imekamilika kwenye seva ya Linux. Kazi hii haihitaji picha hata kidogo. Dirisha la maandishi lina mistari 24 ya herufi 80, jumla herufi 1920: idadi ileile ya nukta zilizo kwenye mstari mmoja tu wa kioo kikubwa. Kilobaiti 2 zinatosha kujaza dirisha zima.

```
mosh fundi@seva
tail -n 20 nakala.log
```

SSH ya kawaida ingefanya kazi hiyo pia, na `ssh -C` hubana maandishi. Ila mosh, iliyotengenezwa MIT, ina faida mbili kwa mtu wa intaneti ya simu. Huonyesha herufi papo hapo kabla seva haijajibu, na mtandao ukikatika au anwani ikibadilika, kazi huendelea palepale ilipokuwa. Upungufu wake ni kwamba huwezi kupandisha juu kusoma mistari iliyokwisha kupita. Tumia tmux kwa hilo.

Jambo moja lifanyike mapema: mosh lazima iwekwe pia kwenye seva, na ukuta wa usalama uruhusu UDP kwenye milango ya 60000 hadi 61000. Yamalizeni hayo mkiwa bado ofisini, kabla ya kukata tiketi ya basi.